Makasha ya Kwala na Wezi wa Maneno

Ndugu Mwislamu, mimi sina ugomvi na Bandari Kavu ya Kwala. Ni neema kwa watu wa Kibaha, na jirani zao wa Kisarawe nao wana fungu lao. Ugomvi wangu ni na wale wanaoiandika katika magazeti na vijitabu, wakajiita watafiti, na kalamu zao hazina amana.

Bandari hiyo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai 2025. Wakati ule ilielezwa kwamba ina uwezo wa kuhudumia makasha 823 kwa siku, nayo ni makasha 300,395 kwa mwaka, yaani kama asilimia 30 ya makasha yanayohudumiwa na Bandari ya Dar es Salaam. Khabari ni hiyo. Sasa tazama ilivyofanywa. Mwandishi wa kwanza aliandika "ina uwezo wa kuhudumia". Wa pili akaliona neno "uwezo" ni refu, akalikata, akaandika "inahudumia". Wa tatu hakuiona kabisa khabari ya asili, alimsoma huyu wa pili tu, naye akaandika kwamba makasha 300,395 yanapita Kwala kila mwaka, na pembeni akaandika kwa fakhari: "Chanzo: Mamlaka ya Bandari."

Chukua kalamu, ewe msomaji, uzidishe 823 kwa 365. Utapata 300,395 kamili, haizidi wala haipungui hata kasha moja. Basi hesabu hii haikutoka kwa karani aliyesimama langoni akihesabu makasha yanayoingia na kutoka. Ni ya mtu aliyekaa mezani akazidisha, na ndani yake amechukulia kwamba hapana siku ya Idi, hapana siku ya mvua kubwa, wala siku ambayo treni imeharibika njiani. Kazi ikisimama siku 30 tu katika mwaka, hesabu inashuka mpaka 275,705. Hilo si kosa la aliyezidisha, kwani yeye alisema "uwezo", na uwezo ndivyo unavyohesabiwa. Kosa ni la aliyelifuta neno hilo.

Na ile asilimia 30 nayo ina siri yake. Asilimia haisimami peke yake, ni lazima iwe ni asilimia ya kitu fulani na ya mwaka fulani. Makasha 300,395 yakiwa ni asilimia 30, basi bandari ya Dar es Salaam imehesabiwa kuwa na makasha kama milioni moja. Bandari hiyo ikifika 1,200,000, Kwala ile ile, bila kupungua kitu, itakuwa ni asilimia 25. Basi anayeinukuu asilimia 30 miaka mitano baadaye, bila kutaja mwaka wake, anakuuzia samaki wa juzi. Muulize pia: ni makasha ya namna gani? Watu wa bandari wana desturi ya kuhesabu kwa kipimo cha futi ishirini, na kasha moja la futi arobaini huhesabiwa mawili. Mwandishi asiyejua anahesabu nini asituletee jumla.

Utasema, haya yananikhusu nini mimi nyumbani kwangu? Yanakukhusu, kwa sababu watu wananunua viwanja kwa hesabu hizi. Mzee aliyeweka akiba ya Hija anaambiwa na dalali, "Soma mwenyewe, makasha laki tatu yanapita hapa!" na dalali amelishika gazeti mkononi. Fedha ikitoka kwa neno lililokatwa kichwa, dalali si peke yake mwenye dhambi.

Wanavyuoni wetu waliujua ugonjwa huu tangu zamani, wakaupa jina: tadlisi. Nayo ni mtu kuipokea hadithi kwa fulani, kisha akamficha huyo fulani, akamtaja aliye juu yake, ili watu wadhani ameisikia kwake mwenyewe. Maneno ya hadithi yenyewe yaweza kuwa ni ya kweli, lakini njia imefichwa, na katika njia ile iliyofichwa ndimo dhaifu alimojibanza. Na wanavyuoni hao hao walikuwa na jina la mtu anayeichukua riwaya ya mwenziwe akadai kuwa yeye ndiye aliyeisikia: walimwita mwizi wa hadithi. Hawakumwita "mwenye kuvutiwa na kazi ya wenzake", kama tunavyostahiana leo.

Kiko kisa katika An-Nur as-Safir cha Al-Aydarusi. Imamu As-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijiria, alimlalamikia Al-Qastallani mbele ya Sheikh Zakariya Al-Ansari, kwamba amechukua katika vitabu vyake bila ya kumtaja. Akatoa ushahidi wake: huyu amenukuu kutoka kwa Al-Bayhaqi katika mahali kadhaa, na Al-Bayhaqi ana vitabu vingi, basi na aseme amenukuu katika kipi. Al-Qastallani hakuweza kukitaja. Akaambiwa kwamba amenakili katika kitabu cha As-Suyuti, na ilimpasa kusema, "As-Suyuti amenukuu kutoka kwa Al-Bayhaqi." Wanasimulia kwamba baadaye Al-Qastallani alikwenda kwa miguu mitupu mpaka mlangoni kwa As-Suyuti kutaka radhi. Akajibiwa kwamba moyo umeridhika, na mlango haukufunguliwa.

Angalia vizuri kesi hii. Maneno ya Al-Bayhaqi yalikuwa sahihi, na jina lake lilitajwa. Kilichokosekana ni jina la yule aliyefanya taabu ya kuyatafuta. Na swali lililomkamata lilikuwa jepesi: kitabu gani? Swali hilo hilo ndilo la kumuuliza yule aliyeandika "Chanzo: Mamlaka ya Bandari": waraka gani, wa tarehe gani, uliuona wapi? Kama uliyaona gazetini, andika hivi: "Kwa maelezo yaliyotolewa wakati wa uzinduzi wa Julai 2025, kama yalivyochapwa na gazeti fulani la tarehe fulani, bandari ina uwezo wa makasha 823 kwa siku." Mstari umezidi kidogo, na hakuna aliyedhulumiwa.

Wako wanaodhani kwamba wizi ni kunakili neno kwa neno tu, basi hubadili "kuhudumia" wakaweka "kushughulikia" wakajiona wametakasika. Lakini mpango wa hoja ni ule ule, mifano ni ile ile, na kosa la mwenye asili limebaki mahali pake pale pale. Kosa lililorudiwa ndilo linalofichua: watu wawili waweza kupata jibu sahihi kila mmoja kwa njia yake, lakini wakikosea namna moja mahali pamoja, mmoja amemtazamia mwenziwe.

Wala tusiwanyoshee wengine kidole tu. Katika kurasa zetu wenyewe, za Kiislamu, nasoma kwamba "kwa mujibu wa sensa" ya 2012 au ya 2022 Waislamu wa Tanzania ni asilimia kadha. Sensa ya mwisho iliyouliza dini nchini kwetu ni ya 1967. Wala si siri, kwani mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waliikataa sensa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba swali la dini halimo! Basi asilimia hiyo imetoka katika sensa gani? Yako makadirio ya mashirika ya utafiti, nayo yatajwe kwa majina yao na kwa mwaka wao, na iitwe makadirio. Na asemaye Tanzania aseme kama anakusudia Bara peke yake au pamoja na Zanzibar, kwani hesabu mbili hizo si moja.

Mwandishi aliyetumia makasha ya Kwala katika gazeti hili na ajibu toleo lijalo: waraka gani, na ukurasa wa ngapi?