Dawa isibaki inje ya gereza

Mwenzetu mumoja wa ku karieri, anayetibiwa ku hospitali ya wagonjwa wa akili, alikamatwa. Ku mapokezi ya gereza waliandika jina na kosa, basi. Hakuna aliyemuuliza anakunywa dawa gani. Fenobarbitali yake ilibaki nyumbani. Siku ya tatu akaanguka kifafa, tena na tena. Walinzi wakasema anajifanya, wakamufunga peke yake. Hakujifanya: dawa ile ikikatwa gafula, kifafa kinarudi na nguvu.

Sisi tunadai fishi ya mapokezi iwe na maulizo matatu. Unakunywa dawa, na ulikunywa mwisho lini? Ulishalazwa juu ya akili? Unawaza kujiua? Mutu akijibu ndiyo hata mara moja, munganga amuone siku ileile, na kama dawa haiko, amuandikie barua ya hospitali. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2015, zinataka matibabu yaendelee bila kukatika.

Bamama, mutu wenu akikamatwa, mupeleke boksi ya dawa na kopi ya karatasi ya munganga. Karatasi yenyewe ibaki kwenu. Mumupe munganga wa gereza, si mulinzi, na aandike ku fishi mbele yenu.