Kamisheni ya muuzaji mpya ihesabiwe kwenye faida, si kwenye mauzo

Kila inapokaribia Septemba, maduka ya pembejeo ya Nyanda za Juu Kusini huanza kutafuta vijana wa kuuza. Msimu unakuja, mwenye duka peke yake hawezi kukaa kaunta, kupokea mzigo na kuzunguka vijijini kwa wakati mmoja. Makubaliano huwa mafupi: mshahara mdogo kwa mwezi, na juu yake kamisheni ya asilimia mbili ya kila atakachouza. Pande zote mbili hufurahi. Kijana anaona hakuna kikomo cha kipato chake, na mwenye duka anaamini kuwa atalipa pale tu biashara inapofanyika.

Matatizo huanza kuonekana Januari. Daftari la madeni limejaa, mauzo yamekuwa makubwa lakini fedha ya kuagizia mzigo mwingine haipo, na wakulima watatu au wanne wamekuja dukani kulalamika kuwa mahindi yao hayaeleweki. Kwa kawaida lawama zote humwangukia kijana, ambaye huambiwa hana uaminifu. Wapo kweli wasio waaminifu. Lakini mara nyingi kijana amefanya kile hasa alicholipwa kukifanya.

Chukua duka la mfano pale Makambako, mji ulio kwenye njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea. Mfuko wa mbolea ya kupandia, kilo 50, duka linauza Sh 70,000 na faida yake ghafi ni Sh 2,500 tu, kwa sababu mbolea ya ruzuku inauzwa kwa bei elekezi na mwenye duka hana uhuru wa kupandisha. Pakiti ya kilo mbili ya mbegu chotara ya mahindi inauzwa Sh 16,000, faida Sh 2,000. Chupa ya dawa ya wadudu ni Sh 12,000, faida Sh 3,600.

Kwa kamisheni ya asilimia mbili ya mauzo, mfuko mmoja wa mbolea unampa muuzaji Sh 1,400. Mwenye duka anabakiwa na Sh 1,100, na hapo hajalipa pango, umeme wala wapakuzi. Sasa mteja anaomba apunguziwe Sh 1,000. Muuzaji akikubali, kamisheni yake inashuka kwa Sh 20. Hiyo si hasara ya kumnyima mtu usingizi, kwa hiyo anakubali, tena kwa tabasamu, maana mteja huyo atarudi na wenzake. Mwenye duka amebakiwa na Sh 120 katika mfuko wa Sh 70,000. Hakuna aliyeiba. Hesabu ndiyo iliyokuwa mbovu tangu siku ya kwanza.

Dawa yake ni kuhesabu kamisheni kwenye faida ghafi, yaani bei aliyolipa mteja ukitoa bei ya kununulia na usafiri hadi dukani. Kwa asilimia 15 ya faida, mfuko ule ule unampa muuzaji Sh 375. Akitoa punguzo la Sh 1,000, kamisheni yake inabaki Sh 225. Amepoteza Sh 150, na safari hii atafikiri kabla ya kukubali. Ipo gharama ambayo wenye maduka wengi hawaipendi: muuzaji atajua bei ya kununulia. Ambaye hataki ijulikane anaweza kuweka kiasi maalumu kwa kila bidhaa, kwa mfano Sh 375 kwa mfuko na Sh 300 kwa pakiti ya mbegu, na kila punguzo likatwe kwenye kiasi hicho kwa uwiano utakaoandikwa.

Hata hivyo, kamisheni ya faida ina mtego wake, nao uko kwenye rafu ya dawa. Kwa hesabu hiyo hiyo, chupa ya dawa inamlipa muuzaji Sh 540, kuliko mfuko mzima wa mbolea, na ni nyepesi kubeba na rahisi kuuza. Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini mwaka 2017, mkulima anayekuja na jani lililotobolewa tayari ana hofu, na mwenye hofu hashindwi kuuziwa chupa mbili pale ambapo moja ingetosha, au ambapo haikuhitajika hata moja. Kwa bidhaa za namna hii isiwekwe kamisheni kabisa. Muuzaji auze dawa kwa mshahara wake. Mwenye duka atapoteza mauzo kidogo, lakini mkulima aliyepuliziwa dawa isiyofaa harudi msimu unaofuata, na humsimulia jirani yake.

Suala la mali kauli ni rahisi zaidi: kamisheni ilipwe fedha inapoingia, si mzigo unapotoka. Muuzaji aliyelipwa siku mzigo ulipotoka hana sababu ya kuuliza kama mkopaji anaweza kulipa, wala ya kumfuata Julai baada ya mavuno. Aliyecheleweshewa kamisheni anamfuata mwenyewe. Hata hivyo idhini ya kukopesha ibaki kwa mwenye duka, kwa sababu kijana wa miezi miwili hajui nani katika kijiji kile ana historia ya kutolipa. Na deni likifa, anachopoteza muuzaji kiwe kamisheni ambayo hajalipwa, basi. Tabia ya kukata mshahara kufidia madeni ya wateja haifai, na sheria inaibana: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka makato ya hasara yatokane na kosa la mfanyakazi mwenyewe, apewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira.

Bonasi ndiyo inayoharibu zaidi. Mtindo uliozoeleka ni kuweka lengo: ukifikisha mauzo ya Sh milioni 10 kwa mwezi unapata Sh 200,000, ukikosa hupati kitu. Tarehe 28 kijana yuko kwenye milioni 9.6. Kwake, laki nne zilizobaki zina thamani ya laki mbili. Atamwomba rafiki yake mwenye genge achukue mifuko sita kwa jina, irudishwe tarehe tatu. Atamsukumia mkulima mbegu ya ziada. Hata taasisi kubwa hazikuepuka jambo hili: mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa dola milioni 185 baada ya wafanyakazi wake, wakibanwa na malengo ya mauzo, kufungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba. Katika duka dogo dalili huonekana kwenye daftari. Mwenye duka alinganishe mauzo ya siku tatu za mwisho wa mwezi na ya siku tatu za mwanzo wa mwezi unaofuata, kisha aangalie bidhaa zilizorudishwa katika wiki hiyo ya kwanza. Ikiwa mwisho wa mwezi unapaa na mwanzo unazama, tena kwa miezi miwili mfululizo, lengo linachezewa.

Kwa hiyo lengo la mwezi liondolewe, kamisheni itembee sawia kutoka shilingi ya kwanza hadi ya mwisho, na bonasi iwe ya msimu na ipime kitu kingine. Hapa Makambako yenyewe inatoa mfano mzuri. Anayetoka upande wa Njombe analima kwenye baridi na mvua ndefu, na mbegu ya kuchelewa kukomaa kama UH6303, iliyozalishwa Uyole, inamfaa. Anayetoka upande wa Igawa, kwenye tambarare za Usangu ambako joto ni kubwa na mvua huisha mapema, anahitaji mbegu ya muda mfupi. Muuzaji mwenye haraka huuza iliyopo rafuni.

Bonasi ya Sh 150,000 kwa msimu inaweza kufungwa kwenye jambo hilo moja. Kila risiti ya mbegu iandikwe jina la mteja, kijiji, simu, aina ya mbegu na namba ya toleo iliyoko kwenye pakiti. Januari, mwenye duka mwenyewe, si muuzaji, achague risiti 20 bila mpangilio na kupiga simu. Aulize shamba liko wapi, mkulima aliambiwa mbegu inakomaa baada ya siku ngapi, na alipewa risiti au la. Wakiwa 16 au zaidi waliuziwa mbegu inayofaa kwa mahali pao, bonasi ilipwe. Isiulizwe kama mahindi yameota vizuri, maana mvua ikikata baada ya kupanda kosa si la muuzaji. Namba zisizopatikana zikiwa nyingi, hilo nalo ni jibu. Simu 20 ni chache kutoa hukumu nzito kwa mtu, lakini kwa bonasi zinatosha, na muuzaji akijua tu kuwa zitapigwa, atauliza shamba liko wapi kabla ya kushika pakiti.

Linabaki la ugeni. Kijana aliyeajiriwa Septemba hajui bidhaa wala wateja, na akianza moja kwa moja kwa kamisheni atauza kwa kubahatisha. Ni vema miezi mitatu ya kwanza apewe kamisheni ya uhakika, tuseme Sh 80,000 kila mwezi, au ile aliyoipata kweli ikiwa kubwa zaidi. Baadhi ya waajiri hutoa fedha hiyo kama mkopo wa kukatwa baadaye. Hilo ni kosa: mtu anayeingia msimu akiwa na deni kwa mwajiri wake ndiye wa kwanza kuuza chochote kwa yeyote.

Hesabu ya Oktoba hadi Desemba kwa muuzaji mmoja inaweza kuwa hivi. Ameuza mifuko 300 ya mbolea na pakiti 900 za mbegu, faida ghafi Sh 2,550,000, na punguzo alilotoa ni Sh 150,000. Inabaki Sh 2,400,000, na asilimia 15 yake ni Sh 360,000. Faida ya Sh 400,000 bado iko kwa wadaiwa, hivyo Sh 60,000 zinasubiri na Sh 300,000 zinalipwa. Kwa mpango wa zamani wa asilimia mbili ya mauzo ya Sh 35,400,000, pungufu ya lile punguzo, angechukua takriban Sh 705,000 taslimu, zaidi ya robo ya faida yote, madeni yakiwa hayajalipwa.

Kijana atauliza mbona kipato kimeshuka, na ana haki ya kuuliza. Sehemu ya tofauti hiyo irudi kwenye mshahara wake wa kila mwezi, ambao kwa vyovyote usiwe chini ya kima cha chini cha kisheria, na bonasi ya msimu ijazie. Mpango wote uandikwe ukurasa mmoja, usainiwe na pande mbili kabla ya Oktoba, na usibadilishwe katikati ya msimu hata kama muuzaji ameanza kupata kuliko alivyotarajiwa. Kwenye ukurasa huo huo iandikwe kuwa zawadi za kampuni za mbegu na dawa, iwe fulana, vocha za simu au fedha, zipitie kwa mwenye duka. Wapo wauzaji wanaolipwa na duka kwa mpango mzuri, huku wakala wa kampuni akiwalipa pembeni kwa kila katoni.