Sehemu ya 4: "Pole" ya kusomwa kwenye karatasi

Mama zangu, leo mnivumilie, nina hasira.

Kuna hospitali binafsi, jina nalimeza. Tangazo lao redioni ni mama anabembeleza mtoto, kisha sauti laini: mtoto wako ni mtoto wetu. Jirani yangu aliliamini. Wiki iliyopita nilimkuta anaongea nao, simu iko spika.

"Naomba namba ya faili."

"Hana faili dada, ana wiki tatu. Anachemka, hanyonyi tangu alfajiri."

"Pole sana mama. Unatumia bima gani?"

Nikamwambia kata, tukachukua bajaji. Mtoto alilazwa siku hiyohiyo, sasa anaendelea vizuri.

Sasa msimrukie yule binti. Nimewahi kukaa meza ya simu, karatasi ile naijua. Maswali yamepangwa: faili, jina, bima, ndipo shida. Msimamizi akisikiliza simu zilizorekodiwa anampa alama: umetaja jina la hospitali? Umesema pole? Umechukua bima? Umemaliza haraka? Hakuna alama ya kusikia kwamba kichanga hanyonyi. Akiliruka swali la bima ili amwite nesi, anapoteza alama. Kwa hiyo alifanya kazi yake vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi!

Watu wa matangazo waliandika mama, watu wa fedha wakaandika karatasi ya simu, na hawakuwahi kukaa meza moja. Halafu mtu akaona karatasi ni kavu, akachomeka "pole sana" katikati. Jamani, upole wa hospitali hauko kwenye neno pole, uko kwenye swali linaloulizwa kwanza. Mama gani wa kweli akiletewa mtoto anachemka anauliza bima?

Wanaotaka kufanana na tangazo lao waanze hapo. Swali la kwanza liwe: mtoto ana umri gani, na nini kimekutisha? Chini yake ziandikwe dalili za hatari ambazo kila nesi anazijua: hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, amelegea au hazinduki. Kwa aliye chini ya miezi miwili, joto la 37.5 au zaidi nalo limo. Ikitajwa hata moja, karatasi inawekwa chini, mama anaambiwa amlete sasa hivi, simu inapewa nesi wa zamu. Faili na bima vitamsubiri mapokezini.

Na alama zibadilike, maana ukiandika karatasi mpya ukaacha kupima haraka, mhudumu atarudia ya zamani ndani ya wiki. Simu ya mtoto mgonjwa ipimwe kwa jambo moja: hatari iligunduliwa au ilipitwa?

Mtasema nesi wa kukaa karibu na simu ni gharama. Ndiyo, ni mshahara. Kama hawauwezi, waondoe yule mama redioni, waweke namba ya mapokezi na saa za kazi. Hapo sitawasema.

Sehemu ya 5: ukipiga simu hospitali, uanze kusema nini.