Mkataba wa mbolea uvunjwe kwa barua, si kwa kununa

Kila msimu wa mvua katika kata ya Lusu, wilayani Nzega, hakukosekani kikundi cha wakulima kinachosubiri lori la mbolea lisilofika. Mwenye duka la pembejeo anapigiwa simu, anajibu kuwa mzigo uko njiani, na wiki inapita. Mwishowe wakulima wanachoka, wananunua kwingine na kuacha kupokea simu zake. Huko si kuvunja mkataba. Ni kununa, na anayenuna anaweza kujikuta yeye ndiye anayedaiwa.

Chukulia kikundi cha wakulima wa mpunga kilichokubaliana na muuzaji mifuko 180 kwa awamu tatu. Mifuko 60 ya kupandia ifike Desemba 5, mifuko 60 ya urea Januari 15, na 60 ya mwisho Februari 10. Awamu ya kwanza ilichelewa siku tisa, ya pili siku 14. Ya tatu haikuonekana, ingawa kianzio chake cha Sh 900,000 kilikwishalipwa. Urea hiyo inatakiwa mpunga unapoanza kutunga mimba. Masuke yakishatoka, faida yake ni ndogo mno.

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba pale ambapo muda ni kiini cha makubaliano na mmoja akashindwa kuutimiza, mwenzake ana hiari ya kuvunja mkataba. Pale ambapo muda si kiini, anabaki na haki ya fidia tu. Kuna mtego hapo, na ndio unaowanasa wengi. Anayepokea mzigo uliochelewa bila kutamka wakati huohuo kwamba atadai fidia, hawezi kuidai baadaye. Aliyepokea mara mbili akikaa kimya, muuzaji atasema tarehe zilikuwa za makadirio.

Kwa hiyo barua ya kuvunja mkataba inaanza kuandikwa siku lori la kwanza linapochelewa. Katibu anayepokea mifuko aandike kwenye hati ya kupokelea mzigo tarehe halisi, idadi ya siku zilizozidi, na kwamba kikundi hakijaacha haki ya fidia. Baada ya kuchelewa kwa pili kifuate kitangulizi kifupi: Februari 10 ni ya mwisho, na ikipita kikundi kitajitoa. Muuzaji atie saini kwenye nakala.

Tarehe hiyo ikipita, barua yenyewe haihitaji kurasa nyingi:

“YAH: KUVUNJA MKATABA WA KULETA MBOLEA. Mzigo wa Desemba 5 ulifika Desemba 14, na wa Januari 15 ulifika Januari 29. Kwa barua yetu ya Januari 30 tulikujulisha kuwa Februari 10 ni tarehe ya mwisho. Mzigo haujafika. Kuanzia leo, Februari 13, mkataba wetu umevunjwa na hatutapokea mzigo wowote chini yake. Tunaomba urejeshe kianzio cha Sh 900,000 ndani ya siku 14. Mifuko 120 tuliyopokea imelipwa yote. Tutanunua mifuko 60 kwingine na kukuletea risiti kwa ajili ya tofauti ya bei. Msimu ujao tuko tayari kupokea bei zako, kwa oda moja moja, malipo yakifanyika mzigo ukifika.”

Neno “kuvunja” limechaguliwa makusudi. Wengi huandika “kusitisha”, ambalo kwa Kiswahili cha kila siku laweza kumaanisha kusimamisha kwa muda, na muuzaji mjanja atalishika hilo.

Mlango umeachwa wazi kwa sentensi moja tu, tena ya mwisho, na inahusu biashara mpya yenye masharti mapya. Ingeandikwa “tunatumaini utajirekebisha” ingeifuta barua yote. Hata hivyo sentensi hiyo si adabu tupu. Wauzaji wa pembejeo hawajai kila kona, na huenda huyu alikwamishwa na aliye juu yake.

Kuhusu tofauti ya bei, ikiwa mfuko uliozidi bei ni kwa Sh 4,000, dai ni Sh 240,000 na risiti inatosha kulithibitisha. Dai la mavuno yaliyopungua ni gumu zaidi, kwa sababu muuzaji atauliza kama ni mbolea au ni mvua, na kwa nini kikundi hakikununua kwingine mapema.

Lori likija Februari 20 baada ya barua, lisipakuliwe kwa mazoea. Kikundi kikiihitaji urea hiyo bado, kiandike kwanza karatasi mpya ya ununuzi yenye bei na tarehe ya siku hiyo, ikitaja kuwa mkataba wa zamani umekwisha. Kisha mifuko ishushwe.