Mwagia Katuni Yako Nyeusi Kwanza

Wasee, leo nasema kitu ambacho kitakasirisha wachoraji wenzangu wa huku Kisumu: tunapoteza usiku mzima kwa rangi na vivuli ilhali pozi zetu hazisomeki. Nasema "zetu" kwa sababu mimi ndiye nilishikwa kwanza.

Niliacha kampo mwaka wa pili na tangu hapo katuni ndiyo inalipa rent. Kuna mteja mmoja ana kibanda cha samaki huku ufuoni. Alitaka klipu ya sekunde 15 ya kuweka kwa status: mama ameketi, anaparua ngege magamba, anamkaanga, anamweka kwa sahani. Simpo. Nachora michoro 12 kwa kila sekunde, kwa hivyo hiyo ni michoro 180, na yote nikaipaka rangi vizuri, hadi maua ya leso. Nikaituma. Mteja akanijibu na sauti, fupi tu: "Omera, kazi ni safi. Lakini mbona mama analia?"

Analia! Anaparua samaki, buda.

Nilitaka kubishana, halafu nikafungua klipu kwa simu yangu nikiwa stejini saa saba mchana, jua la Kisumu hilo mnalijua. Skrini yenyewe ina ufa, mwangaza nimepunguza juu ya chaji. Na kweli, nikaona mtu ameinama, mikono iko kifuani, inatetemeka. Rangi zote nilizokesha nazo zilikuwa zimekufa. Kilichobaki ni umbo tu, na umbo lilikuwa la gunia linalolia.

Hapo ndipo nilianza kuheshimu jaribio la silueti. Silueti ni umbo la mhusika likiwa limejazwa nyeusi tupu, bila macho, bila mikunjo ya nguo, bila laini za ndani. Unachukua pozi, unaijaza nyeusi pamoja na kitu alichoshika, halafu unauliza: je, kitendo bado kinaonekana? Kama hakionekani, shida iko kwa pozi.

Hii si stori mpya. Miki Mausi alipotoka kwenye filamu ya 1928, mwili wake ulikuwa mweusi, mikono nayo myeusi, na hakukuwa na rangi za kati za kuwatenganisha. Akiweka mkono mbele ya kifua, unapotea. Glavu nyeupe zilikuja 1929. Lakini glavu inaokoa vidole tu. Wachoraji wale bado walilazimika kutoa mikono pembeni, nje ya mwili, ili kitendo kisomeke. Sisi tuna mamilioni ya rangi, na nadhani ndiyo maana tumekuwa wavivu.

Sasa, vile nilirekebisha huyo mama. Kwanza sikugusa michoro 180. Nilichagua pozi kuu 7 tu, zile zinazobeba stori, zingine ni za kujaza katikati. Kwa ibisPaint nilinakili kila pozi, nikaunganisha leya zake kuwa moja, nikawasha Alpha Lock, kisha nikapaka nyeusi juu yote. Alpha Lock inazuia rangi isitoke nje ya mchoro, kwa hivyo unabaki na umbo peke yake. Halafu nikaipunguza hadi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kazi yote haikufika nusu saa.

Pozi 4 kati ya 7 zilifeli. Mbaya zaidi ilikuwa ya kuparua. Nilikuwa nimemchora mama akitutazama uso kwa uso, kwa hivyo samaki, kisu na mikono yote miwili viliangukia ndani ya kifua chake. Ukijaza nyeusi, vinamezwa.

Nikamgeuza upande kidogo, si upande kabisa. Samaki akatoka mbele ya magoti na mkia ukaonekana. Nikainua kiwiko cha mkono wa kisu hadi pakawa na hewa kati yake na mbavu. Hiyo hewa ndiyo siri: jicho linajua "huu ni mkono" kwa sababu linaona mwanga ukipita katikati. Fundo la kitambaa cha kichwa nikalitoa nyuma, ikajulikana anaangalia wapi.

Halafu nikafanya kosa. Nilifurahia hewa sana nikamwinua samaki juu kabisa, mama amemning'iniza kwa mkia huku anaparua. Silueti ikawa tamu ajabu. Nikamwonyesha mathe mmoja anayeuza samaki karibu na kwetu. Akacheka hadi akaweka kisu chini. "Mwanangu, samaki akiwa hewani hivyo utamparua vipi? Si atacheza tu? Mlaze kwa ubao, ushike mkia, upeleke kisu kuelekea kichwa." Nikafuta. Pozi inayosomeka lakini inadanganya kuhusu kazi ya watu ni mbaya kuliko ile haisomeki, kwa sababu wanaoijua hiyo kazi ndio watakucheka kwa komenti. Nikachora ubao, nikautokeza mbele ya magoti, samaki akalala juu yake. Ilikuwa safi tu.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawaangalii: usijaribu pozi moja moja pekee. Kuparua kuna ncha mbili, kisu kikiwa mkiani na kisu kikiwa kichwani. Niliziweka silueti hizo mbili kando kwa kando, zikawa karibu mapacha. Ndiyo maana mkono ulionekana kutetemeka, na mteja akaona kilio. Nikatenganisha: kisu kikiwa mkiani kiwiko kiko mbali na mgongo umeinama, kisu kikifika kichwani kiwiko kimerudi na bega limepanda. Sasa ukiangalia nyeusi tupu unaona msukumo.

Kisha nikamwita binamu yangu wa miaka tisa. Swali ni "huyu anafanya nini?" Usiulize "huyu anaparua samaki, si ndiyo?" kwa sababu mtoto atakubali akuridhishe. Akaangalia, akasema, "Anatoa magamba." Nikachora upya, nikatuma, nikalipwa salio.

Najua kuna mwenye atasema silueti haionyeshi kila kitu. Ni kweli. Machozi, kukonyeza jicho, tabasamu la uongo, hivyo vyote viko ndani ya uso na nyeusi inavifuta. Hapo unasogeza kamera karibu na jaribio halihusiki. Na ukilitii kama sheria ya polisi, wahusika wako wote watasimama mikono nje kama vinyago vya kufukuza ndege. Lakini kwa kitendo cha mwili mzima, kinachotazamwa kwa simu ndogo na kwa bando la kubana, sijaona kipimo cha bei rahisi zaidi.

Kama huniamini, nenda Dunga kama saa kumi na mbili unusu jioni. Jua linazama upande wa ziwa na mashua zikipita mbele yake kila mtu ni mweusi tiii. Huoni sura ya mtu, ila unajua nani anapiga kasia, nani anachota maji na kuyamwaga nje, nani amekaa tu anasubiri kupelekwa. Mimi huenda na daftari. Wiki hii nahangaika na wanaume wawili waliobeba mbuta mkubwa kwa mti mabegani. Binamu anasema ni ng'ombe.