Maswali ya Vijana: Mbona Maziwa Hushinda Maji kwa Pilipili?

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa chama cha sayansi shuleni. Mwenzetu mmoja alitafuna pilipili kichaa kwa mchezo. Alikunywa maji vikombe viwili, moto usipungue. Mpishi alimpa maziwa, akatulia. Wengine wetu wasema ni kwa sababu maziwa yalikuwa baridi. Wengine wasema ni mafuta yake. Lakini maziwa nayo karibu yote ni maji! Nani ana haki?

JIBU: Swali lenu ni zuri, na hilo neno la mwisho ndilo zuri kupita yote. Kweli, katika gramu 100 za maziwa ya ng'ombe, gramu 87 hivi ni maji. Basi kinachotuliza hakina budi kuwa katika zile 13 zilizobaki.

Kwanza tuitazame pilipili yenyewe. Ukali wake watoka katika kitu kiitwacho kapsaisini, nacho hukaa zaidi katika ule utando mweupe unaoshika mbegu. Kapsaisini haiunguzi ulimi kama kaa la moto. Katika ncha za mishipa ya fahamu mna kama vilango vidogo, ambavyo kazi yake ni kutoa habari joto likifika nyuzi 43 hivi. Kapsaisini hushika kilango hicho na kukifungua pasipo joto lolote, na ubongo hudhani kinywa chaungua. Mtaalamu David Julius na wenzake huko Marekani walikitambua kilango hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian.

Sasa, kapsaisini hupatana na mafuta, lakini na maji haipatani. Mama akitaka kuosha sufuria yenye mafuta kwa maji matupu, mafuta husogea huku na huku tu, hayatoki. Ndivyo ilivyo kinywani. Maji hupoza kidogo yakiwa baridi, lakini ukiisha kuyameza, kapsaisini ipo palepale, na pengine imetawanyika mpaka kooni.

Maziwa yana mafuta, nayo husaidia. Lakini yana pia protini iitwayo kaseini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya protini zote za maziwa ya ng'ombe. Kaseini huishika kapsaisini na kuichukua, mfano wa sabuni inavyochukua uchafu wa mafuta. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walijaribu vinywaji mbalimbali, wakaona maziwa yaliyotolewa mafuta yalituliza sawasawa na yale yenye mafuta yake. Basi mafuta peke yake si jibu, na wale wa baridi nao hawakupata.

Mwaweza kujihakikishia wenyewe, mwalimu akiwapo. Chemsheni maziwa, maana mabichi huweza kuleta magonjwa. Kuchemsha hakuiharibu kazi ya kaseini. Yaacheni yapoe mpaka yawe na ubaridi sawa na maji ya mtungini. Hapo ndipo wengi hukosea: maziwa yakiwa baridi kuliko maji, hamtajua kilichotuliza. Tieni pilipili moja katika kikombe cha mchuzi wa nyanya. Kila mmoja aonje kijiko kimoja, kisha asukutue kinywa kwa maji, na kila nusu dakika aseme: moto mwingi, kidogo, au umekwisha. Kesho afanye vivyo hivyo kwa maziwa. Nusu ya wanafunzi waanze na maziwa, nusu na maji, ili mazoea yasiwadanganye. Mwenye pumu, au vidonda vya tumbo, au asiyepatana na maziwa, aandike hesabu tu.

Msitazamie ajabu. Maziwa hayawezi kuifuata kapsaisini iliyokwisha kuingia ndani ya ngozi ya ulimi. Hiyo hutoweka yenyewe polepole. Kwa hiyo yanyweni mapema, tena yashikeni kinywani kidogo kabla ya kumeza. Maziwa ya mgando nayo hufaa, kwani kaseini bado imo. Tui la nazi lina mafuta, lakini halina kaseini.

Neno moja kwa wazazi pia. Mtoto akiingiwa na pilipili machoni, msimtie maziwa, kwani huweza kuingiza vijidudu. Mzuieni asijifikiche, mkamsafishe jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa robo saa. Likizidi kuuma, au akiona ukungu, mpelekeni zahanati. Na aliyekata pilipili ajipake mafuta ya kupikia mikononi kwanza, ndipo aoshe kwa sabuni, kabla hajamshika mtoto.