ACHA KUSINGIZIA "NAMNGOJEA BWANA"

Leo sitakubembeleza.

Una ofa mbili za kazi mkononi, zote safi, na wiki ya tatu hii unasema "namngojea Bwana." Unangojea kusikia nini hasa? Ofa moja ingekuwa mbaya, ungeshaikataa. Umekwama kwa sababu zote ni nzuri, na zikiwa nzuri zote, tofauti yake huwa ndogo kuliko hasara ya kukaa.

Tuhesabu. Tuseme wewe ni mhasibu usiye na kazi. Shule moja Nakuru inakupa 45,000 kwa mwezi, kampuni moja Eldoret 48,000. Tofauti ni 3,000. Ukikaa mwezi mzima bila kuamua, umepoteza angalau 45,000, yaani tofauti ya miezi 15. Na hapo tunaomba ofa zenyewe ziwe bado zipo.

"Lakini pasta, nikikosea?" Ukikosea, utatoka. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu miezi sita ya majaribio, na haiongezwi bila wewe kukubali. Ndani ya kipindi hicho unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba. (Mwajiri naye anaweza, usijidanganye.) Wiki tatu unakosa usingizi kwa ajili ya mlango wa siku saba!

Sisemi kila uamuzi uko hivyo. Kuuza shamba ulipie masomo, kuacha kazi ya kudumu, kutia sahihi mkataba wa mafunzo unaokufunga miaka mitatu: hayo hayarudi kirahisi. Hapo funga na kuomba, uliza wazee, soma kila ukurasa. Shida yetu ni kwamba ofa ya kawaida tunaipa uzito wa ndoa.

Najua utaniletea ngozi ya Gideoni. Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya! Afadhali usome Matendo 16. Paulo alijaribu kuingia Bithinia, akazuiwa, akashuka Troa, na huko ndiko alikoona maono ya Makedonia. Alielekezwa akiwa njiani.

Kwa hiyo weka siku, tuseme Ijumaa hii, saa kumi na moja jioni. Andika swali ambalo jibu lake lingekubadilisha mawazo: nyumba ipo? Mshahara hulipwa tarehe ngapi? Piga simu uulize. Kama huna swali la namna hiyo, utafiti wako umekwisha, hata ukiendelea kuomba ushauri kwa watu kumi. Halafu andika leo ni ofa gani utachukua Ijumaa ikifika bado unasitasita, na umpe mtu mmoja karatasi hiyo, mtu asiyekuonea haya, akupigie saa hiyo.

Ukishakubali moja, ipigie simu ile nyingine jioni hiyo hiyo, ushukuru na kukataa. Kuna kijana mahali anangojea kiti ulichokikalia bila kukitumia.